Mkataba wa ajira wa Ujerumani usomwe na kalenda mkononi

Mkataba wa ajira wa Kijerumani ukifika, jicho hukimbilia mshahara, kisha siku za likizo. Majaribio, notisi na saa za kazi hupitiwa juujuu, kwa kuwa vifungu hivyo huonekana kama maneno yaliyomo katika kila mkataba. Nilichojifunza kwa kuipitia mikataba hii pamoja na wenzangu ni kwamba vifungu hivyo vitatu havisomeki kimoja kimoja. Kimoja hukibadilisha kingine, na neno moja lililosahaulika ukurasa wa sita linaweza kugeuza maana ya ukurasa wa pili.

Tuuchukue mkataba mmoja wa mfano tuende nao hadi mwisho. Karani anaajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo jijini Hamburg kuanzia tarehe 1 Machi 2026. Mkataba hauna kikomo cha muda. Mshahara ni euro 2,900 kwa mwezi kabla ya makato, kwa saa 40 kwa wiki. Kifungu cha 2 kinasema miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Kifungu cha 4 kinasema saa 20 za ziada kila mwezi zimo ndani ya mshahara. Kifungu cha 9 kinasema kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya miezi mitatu kufikia mwisho wa robo mwaka. Ukitazama haraka huoni tatizo.

Anza na majaribio. Neno la kutafuta kwenye karatasi ni „Probezeit“. Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, ile inayofupishwa BGB, katika kifungu cha 622 inaruhusu majaribio ya muda usiozidi miezi sita, na ndani ya muda huo notisi ni wiki mbili kwa pande zote mbili. Wiki mbili hizo hazisubiri tarehe 15 wala mwisho wa mwezi. Huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile barua ilipomfikia mtu, na kazi inaweza kwisha hata Jumatano katikati ya mwezi. Mwajiri akitaka kurefusha majaribio hadi miezi tisa kwa kuwa mtu aliugua, zile wiki mbili hazirefuki pamoja nayo. Miezi sita ikishapita, notisi ya kawaida inaanza.

Kwa karani wetu, majaribio yanakwisha tarehe 31 Agosti 2026. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Hudhani kwamba ili mwajiri atumie notisi fupi, ni lazima kazi yenyewe iwe imekwisha kabla ya tarehe hiyo. Sivyo. Kinachotazamwa ni siku barua ilipofika. Barua ikimfikia Jumatatu tarehe 31 Agosti, bado imo ndani ya majaribio, na kazi inakwisha Jumatatu tarehe 14 Septemba. Barua hiyohiyo ikifika Jumanne tarehe 1 Septemba, notisi ni ile ya kifungu cha 9. Ndiyo maana barua nyingi za mwisho wa majaribio hukabidhiwa kwa mkono, au hutiwa na tarishi katika sanduku la barua mchana wa siku za mwisho kabisa.

Sasa rudi kwenye kifungu cha 9 ukisome tena polepole. Kinasema miezi mitatu. Je, kinasema popote kwamba miezi hiyo mitatu inaanza baada ya majaribio? Katika mfano wetu hakisemi. Na kifungu cha 2 kinataja majaribio ya miezi sita bila kutaja wiki mbili. Pengo hilo lina uzito wa kisheria. Mahakama Kuu ya Kazi ya Shirikisho, iliyoko Erfurt, iliamua kesi ya namna hii tarehe 23 Machi 2017. Mhudumu wa ndege aliajiriwa Aprili 2014 kwa mkataba uliotaja majaribio ya miezi sita sehemu moja, na notisi ya wiki sita kufikia mwisho wa mwezi sehemu nyingine. Mapema Septemba 2014, akiwa bado ndani ya majaribio, aliachishwa kwa notisi ya wiki mbili. Mahakama ilisema kwamba mfanyakazi wa kawaida anayeusoma mkataba ule angeelewa kuwa notisi iliyoandikwa ndiyo pekee iliyopo, tangu siku ya kwanza. Mwajiri ndiye aliyeuandika mkataba, na kama alitaka wiki mbili zitumike wakati wa majaribio, alipaswa kusema hivyo waziwazi.

Usifurahie pengo kama hilo na kunyamaza. Notisi ndefu ndani ya majaribio inaweza kukufunga nawe pia, siku utakapogundua kwamba kazi si ile uliyoelezwa. Kama unaujua mwelekeo wako, omba kabla ya kutia sahihi kwamba kifungu cha 9 kianze na maneno „Nach Ablauf der Probezeit“, yaani baada ya majaribio kwisha, na kifungu cha 2 kitaje wiki mbili. Kwa maoni yangu, anayehama nchi kwa ajili ya kazi ananufaika zaidi na maandishi yasiyo na utata kuliko na hoja nzuri ya mahakamani.

Kuna kosa jingine la majaribio ambalo huwagharimu hata watu makini. Mtu hujitahidi kujadiliana, majaribio yanapunguzwa kutoka miezi sita hadi mitatu, naye anaamini kwamba kuanzia mwezi wa nne hawezi tena kufukuzwa hivihivi. Alichopata ni notisi ndefu zaidi tu. Ulinzi dhidi ya kufukuzwa bila sababu unatoka katika sheria nyingine, Kündigungsschutzgesetz, ambayo ina kipindi chake cha kusubiri cha miezi sita. Subira hiyo haihusiani na majaribio yaliyoandikwa mkatabani, na haipungui majaribio yakipunguzwa, isipokuwa mkataba useme hivyo wazi. Tena sheria hiyo huwafikia walioajiriwa kwenye sehemu za kazi zenye wafanyakazi zaidi ya kumi, ambapo wa nusu siku huhesabiwa kwa sehemu. Katika mgahawa wenye watu wanane, mwaka wa tatu haukupi ulinzi huo wa jumla.

Hata hivyo majaribio hayamwachi mtu uchi. Mjamzito analindwa hata ndani ya majaribio, na ulinzi huo huendelea hadi miezi minne baada ya kujifungua. Pale penye baraza la wafanyakazi, „Betriebsrat“, ni lazima lisikilizwe kabla ya kila barua ya kuachisha, hata ya mwezi wa kwanza, na lisiposikilizwa barua ni batili. Na kwa aliyeko kwenye mafunzo ya kazi, „Ausbildung“, kanuni ni nyingine kabisa. Majaribio kwa kawaida ni kati ya mwezi mmoja na minne, na katika mafunzo ya uuguzi ni miezi sita. Ndani ya muda huo upande wowote unaweza kusitisha bila notisi yoyote. Vijana wanaokuja kutoka Kenya au Tanzania kwa mafunzo ya uuguzi wasome mkataba wao kwa jicho hilo, si kwa jicho la mkataba wa ajira wa kawaida.

Kama mkataba una kikomo, yaani una neno „befristet“, ongeza maswali mawili. Tangu Agosti 2022 majaribio yanatakiwa kuwiana na urefu wa mkataba, na Desemba 2024 mahakama ya Erfurt ilisema kwamba majaribio yaliyo sawa na mkataba mzima kwa kawaida hayafai. Swali la pili ni zito zaidi: je, kuna sentensi inayoruhusu notisi ya kawaida kabla ya kikomo? Isipokuwepo, kwenye mkataba au kwenye makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanayotajwa humo, huwezi kuondoka kwa notisi ya kawaida kabla ya siku ya mwisho, na mwajiri hawezi kukuondoa kwa njia hiyo.

Sasa notisi yenyewe, „Kündigungsfrist“. Mkataba ukinyamaza, au ukisema tu kwamba muda wa kisheria unatumika, notisi yako baada ya majaribio ni wiki nne kufikia tarehe 15 au mwisho wa mwezi. Wiki nne ni siku 28, si mwezi. Njia nyepesi ni kuanza na siku unayotaka kuondoka kisha kurudi nyuma siku 28. Ukitaka kuondoka tarehe 30 Septemba, barua iwe imefika ifikapo tarehe 2 Septemba. Ukitaka kuondoka tarehe 31 Oktoba 2026, hesabu inakupeleka tarehe 3 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya muungano wa Ujerumani na tena ni Jumamosi. Siku hiyo posta haileti barua wala ofisi haifungui sanduku, na muda hausogezwi mbele kwa ajili ya sikukuu. Barua yako iwe mkononi mwao Ijumaa tarehe 2. Ukichelewa, siku ya kuondoka inayofuata ni 15 Novemba.

Karani wetu wa Hamburg yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu kifungu chake kina vipande viwili: miezi mitatu, halafu „zum Quartalsende“. Kipande cha pili ndicho kinachouma. Robo mwaka huisha 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, basi. Barua yake ikifika tarehe 30 Septemba 2026, anaondoka 31 Desemba. Ikifika siku moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, miezi mitatu inavuka mwaka na mwisho unaoruhusiwa unakuwa 31 Machi 2027. Siku moja imegeuka miezi mitatu. Mwajiri mpya anayehitaji mtu Januari hatasubiri hadi Aprili. Kama una nguvu ya kujadiliana juu ya jambo moja tu katika mkataba, mimi ningeichagua sentensi hii: iwe „zum Monatsende“, mwisho wa mwezi, badala ya mwisho wa robo.

Kuna pia ngazi za muda wa utumishi. Sheria inamtaka mwajiri atoe notisi ndefu zaidi kadiri mtu anavyokaa: mwezi mmoja baada ya miaka miwili, miezi miwili baada ya mitano, mitatu baada ya minane, na kuendelea hadi miezi saba baada ya miaka ishirini. Ngazi hizo kisheria zinamfunga mwajiri peke yake. Lakini mikataba mingi ina sentensi fupi inayosema kwamba muda uliorefushwa unatumika kwa pande zote mbili, na hapo zinakufunga nawe. Sentensi hiyo ni halali. Kisicho halali ni kinyume chake, yaani wewe kutakiwa kutoa notisi ndefu kuliko ya mwajiri.

Barua ya kuvunja mkataba, iwe yako au yao, ni lazima iwe karatasi yenye sahihi ya wino. Barua pepe, ujumbe wa WhatsApp, faksi na picha ya barua iliyotiwa sahihi havivunji mkataba. Hili linasemwa katika kifungu cha 623 cha BGB, na mkataba hauwezi kulilegeza. Kwa hiyo aliyeaga kwa WhatsApp bado ni mwajiriwa, na notisi yake haijaanza kuhesabiwa. Peleka karatasi mwenyewe, uombe mtu aandike tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Na ukiitwa ofisini ukawekewa karatasi yenye kichwa „Aufhebungsvertrag“, hiyo si barua ya kupokea, ni makubaliano ya kuachana kwa hiari. Ukitia sahihi, unaweza kupoteza notisi yako na kuwekewa zuio la hadi wiki kumi na mbili kwenye malipo ya kukosa kazi. Omba muda wa kuisoma nyumbani.

Barua ya kuachishwa ikifika, hesabu tatu tofauti za muda zinaanza kukimbia. Ndani ya siku tatu jiandikishe kwenye ofisi ya ajira kama mtafuta kazi, ikiwa kazi inakwisha chini ya miezi mitatu ijayo. Ndani ya wiki mbili ijulishe ofisi ya wageni, kama kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hiyo na imekwisha kabla ya wakati. Na ndani ya wiki tatu fungua kesi katika mahakama ya kazi kama unaona kuna kosa. Wiki hizo tatu zikipita, hata barua yenye makosa kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tumalizie na saa za kazi. Mkataba ukisema saa 40 kwa wiki, saa hizo ni bila mapumziko. Sheria ya saa za kazi inataka mapumziko ya dakika 30 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa sita, na dakika 45 akizidi saa tisa. Kwa hiyo siku ya saa nane inakaa kazini angalau saa nane na nusu. Kikomo cha siku ni saa nane, na inaweza kufika kumi ikiwa wastani wa miezi sita unarudi kwenye nane. Kati ya kumaliza zamu na kuanza nyingine pawe na saa kumi na moja, ingawa hospitali, makao ya wazee na hoteli zina ruhusa ya kupunguza saa moja na kuifidia baadaye.

Kinachoficha fedha ni sentensi ya saa za ziada, „Überstunden“, hasa inapokuwa jirani na neno „abgegolten“, yaani zimekwisha kulipwa. Kuna aina mbili, na tofauti yake ni namba. Sentensi inayosema kwamba saa zote za ziada zimo ndani ya mshahara, bila kutaja idadi, haina nguvu kwa mwenye mshahara wa kawaida, kwa sababu anayetia sahihi hawezi kujua anauza kiasi gani cha kazi. Februari 2012 mahakama ya Erfurt ilimpa haki mfanyakazi wa ghala katika kampuni ya usafirishaji, aliyekuwa akilipwa euro 1,800 kwa mwezi kwa wiki ya saa 42 na kudai malipo ya saa 968 za ziada. Kwa wanaolipwa mishahara mikubwa sana, inayovuka kikomo cha michango ya pensheni, mahakama kwa kawaida haioni sababu ya malipo ya ziada.

Sentensi ya aina ya pili inataja namba, kama ile ya karani wetu: saa 20 kwa mwezi. Hiyo mahakama iliikubali Mei 2012. Kwa kuwa inakufunga, ihesabu kabla ya kutia sahihi. Saa 40 kwa wiki ni saa 173.33 kwa mwezi, ukizidisha kwa 13 na kugawa kwa 3. Euro 2,900 zikigawanywa kwa saa hizo ni euro 16.73 kwa saa. Saa 20 zikiongezwa zinakuwa 193.33, na saa moja inashuka hadi euro 15.00. Kiwango hicho bado kiko juu ya kima cha chini cha euro 13.90 cha mwaka 2026, lakini ni karibu euro 335 za kazi kila mwezi ambazo hazionekani kwenye hati ya mshahara. Ukilinganisha ofa mbili, linganisha namba hiyo ya mwisho. Na kumbuka kwamba saa ya 21 na kuendelea inadaiwa.

Kudai kunahitaji ushahidi. Mahakama ya Erfurt ilisema Septemba 2022 kwamba waajiri wanapaswa kurekodi saa za kazi, lakini mzigo wa kuthibitisha saa za ziada bado ni wa mfanyakazi. Andika kila siku muda wa kuanza, muda wa kumaliza, mapumziko, na nani aliyekuagiza ubaki au aliyejua kwamba umebaki. Jedwali lisilo na safu hiyo ya mwisho huanguka kwa urahisi, kwa sababu mwajiri atasema hakuomba wala hakujua.

Halafu nenda ukurasa wa mwisho utafute „Ausschlussfristen“. Kifungu hiki kinazika madai yasiyotolewa ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi mitatu tangu malipo yalipopaswa kufanyika. Karani wetu akifanya saa 30 za ziada mwezi Machi, saa kumi ni za kulipwa, na kama mshahara wa Machi unalipwa tarehe 31 Machi, dai lake liwe limemfikia mwajiri ifikapo tarehe 30 Juni. Kwa dai hili barua pepe inatosha, alimradi itaje mwezi, idadi ya saa na kiasi: saa kumi kwa euro 16.73, jumla euro 167.30 kabla ya makato.